Sgt. Pepper, S.F. Sorrow au Tommy: uanze na ipi ukitaka kuielewa albamu ya dhana?

Rafiki yangu mmoja, mpenzi wa rumba tangu utoto, aliniomba nimtajie albamu za dhana za miaka ya sitini azisikilize. Nikamtajia tatu. Baada ya wiki akarudi akilalamika kwamba dhana yenyewe haioni, anasikia nyimbo tu, nyingine nzuri na nyingine za ajabu. Nikamwomba simu yake. Alama ya kuchanganya nyimbo ilikuwa imewashwa. Kumbe alikuwa amemsikia mhusika wa S.F. Sorrow akizeeka asubuhi na kuzaliwa jioni.

Lile kosa lake ndilo kipimo ninachokiamini kuliko maelezo mengi ya vitabuni. Pangua mpangilio wa nyimbo, kisha usikilize. Kama hujapoteza kitu, hiyo ni albamu ya kawaida, hata iwe tamu namna gani. Kama umepoteza kitu, basi kuna dhana, na hicho ulichokipoteza ndicho kinachokuonyesha dhana yenyewe ni ya aina gani. Sisi tuna mfano wetu wa karibu. Diwani ya mashairi unaifungua popote ukasoma shairi moja, ukaridhika, ukaifunga. Utenzi haukubali hivyo, maana ukianzia ubeti wa mia mbili hujui nani anapigana na nani wala kwa sababu gani. Albamu ya dhana inataka kusomwa kama utenzi, ingawa si lazima iwe na hadithi. Wapo wanaosema bila hadithi hakuna dhana, nami siafikiani nao. Mwaka 1955 Frank Sinatra alitoa In the Wee Small Hours, nyimbo kumi na sita zote za mtu aliyeachwa na mpenzi, yuko macho usiku wa manane. Hakuna anayesafiri humo wala anayekufa. Kinachoziunganisha ni saa ile ya usiku na ile huzuni, na vinatosha.

Kwa hiyo wazo halikuzaliwa na vijana wenye nywele ndefu. Kilichobadilika kati ya 1966 na 1969 ni kwamba mambo kadhaa yaliyokuwa yanalizuia yaliondoka karibu kwa pamoja.

Kilichofungua njia

Jambo la kwanza ni santuri yenyewe. Neno albamu lilitoka kwenye jalada nene lenye mifuko, kama albamu ya picha, lililohifadhi santuri za mizunguko 78 kwa dakika, zenye dakika tatu hivi kila upande. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ikaleta santuri ndefu ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, ikiwa na nafasi ya dakika ishirini na kitu kila upande. Ila kwa vijana wa rock, kwa karibu miaka kumi ya mwanzo, hiyo santuri ndefu ilikuwa kapu tu. Pesa zilikuwa kwenye singo. Ukipata kibao kimoja kinachopigwa redioni, unakizungushia nyimbo nyingine kumi za kujazia, unauza tena.

Na kapu hilo halikuwa mali ya mwanamuziki. Hapa kuna jambo ambalo wengi hulipita haraka. Albamu ya Beatles iliyotoka Uingereza ilipofika Marekani ilikuwa inakatwakatwa. Kampuni ya Capitol iliondoa nyimbo hizi, ikaongeza singo zile, ikabadili mpangilio, ili kutokana na albamu mbili ipate tatu za kuuza. Revolver ya 1966 ilikuwa na nyimbo kumi na nne London na kumi na moja New York. Sasa mtu atajisumbuaje kupanga wimbo wa tatu uzungumze na wa kumi, wakati hajui kama wa tatu utavuka bahari? Sgt. Pepper, mwaka 1967, ndiyo albamu ya kwanza ya Beatles kutoka ikiwa na nyimbo zilezile kwa mpangilio uleule pande zote mbili za Atlantiki. Mimi naona hilo ni kubwa kuliko hata jalada lake maarufu. Pasipo mpangilio unaoheshimiwa, dhana haina mahali pa kukaa.

La pili ni muda na mkanda. Tarehe 29 Agosti 1966 Beatles walipiga onyesho lao la mwisho la kulipiwa, San Francisco, wakaachana na ziara. Mpaka hapo albamu zilirekodiwa mbiombio kati ya safari na safari. Ya kwanza kabisa, mwaka 1963, sehemu yake kubwa ilimalizwa kwa siku moja. Sgt. Pepper ilichukua miezi mitano, kuanzia mwishoni mwa Novemba 1966. Waliweza kukaa hivyo kwa kuwa studio ya Abbey Road ilikuwa mali ya EMI, kampuni iliyokuwa ikitoa santuri zao. Mashine zilikuwa za njia nne tu: sauti nne tofauti kwenye mkanda mmoja. Zikijaa, unazichanganya zote nne na kuzihamishia kwenye njia moja au mbili za mkanda mwingine, unapata nafasi ya kuongeza. Kila uhamisho unaongeza mvumo wa mkanda, na ukishachanganya huwezi kurudi kumpunguza mpiga ngoma. Kazi hiyo iliwalazimisha kuamua mapema wimbo utasikikaje, na mtu anayefikiri hivyo kuhusu wimbo mmoja hachelewi kufikiri hivyo kuhusu santuri nzima.

La tatu lilitokea Marekani na halikuwa na nia yoyote ya sanaa. Mamlaka ya mawasiliano ilipitisha kanuni mwaka 1964, ikaanza kubana kweli 1967, kwamba mwenye kituo cha AM katika mji mkubwa asirushe matangazo yaleyale kwenye FM yake siku nzima. Ghafla wenye vituo wakawa na masafa yenye sauti safi ya stirio na hawana cha kuyajazia. Wakaachiwa watangazaji vijana, na hao wakapiga walichokipenda, pamoja na upande mzima wa santuri bila kukatiza. AM ilitaka dakika tatu na tangazo la sabuni. FM ilikuwa na usiku mzima. Albamu ambayo haikuwa na singo ya kuitangaza sasa ilikuwa na pa kusikika.

Sgt. Pepper: dhana iliyoshonwa kwenye pindo tu

Wazo la Paul McCartney lilikuwa kwamba Beatles wajifanye bendi nyingine, ya matarumbeta ya kizamani, ili wasibanwe na jina lao. Sikiliza sekunde za mwanzo: okestra inajaribu vyombo, watu wananong'ona wakitafuta viti. Hakuna ukumbi hapo, sauti hizo zimewekwa. Bendi inajitambulisha, watu wanacheka kitu ambacho sisi hatukioni, kisha anatangazwa mwimbaji anayeitwa Billy Shears. Kelele za mashabiki zinaufunika mshono na wimbo wa pili unaingia, mwimbaji akiwa Ringo, mpiga ngoma wao. Wimbo wa kwanza na wa pili huwezi kuvitenganisha bila damu kutoka.

Halafu? Halafu ile bendi inapotea. Nyimbo tisa mfululizo hazimtaji Sajini wala askari wake. Kuna msichana anayetoroka kwao, kuna mkaguzi wa maegesho, kuna wimbo wenye ala za Kihindi. Bendi inarudi kwenye wimbo wa kumi na mbili, kutuaga. John Lennon mwenyewe alikuja kusema kwamba nyimbo zake hazikuwa na uhusiano wowote na wazo hilo, na kwamba lilifaulu kwa sababu wao walisema limefaulu.

Basi tuipime. Ukizichanganya zile tisa za katikati, hupotezi mengi. Ukigusa mwanzo na mwisho, nyumba inaanguka. Chukua mwisho. Wimbo wa kumi na moja, wa asubuhi, unamalizikia kwenye milio ya wanyama, na mlio wa mwisho wa kuku unageuka kuwa noti ya gitaa, ambalo ni gitaa la bendi ikijiandaa kuaga. Wanaaga, makofi yanapigwa, na kutoka ndani ya yale makofi kunaingia gitaa la kupigwa taratibu na mtu anayesoma gazeti. Onyesho limekwisha, uko nje mtaani, na dunia si ya matarumbeta tena. "A Day in the Life" ni wimbo mzito hata ukiusikia peke yake. Ila ukiufikia kwa kupitia yale makofi, unakuwa mtu aliyetoka kwenye harusi akakuta habari za msiba. Hicho ndicho dhana inachokifanya hapa.

Kwa hiyo Sgt. Pepper ni fremu kuliko hadithi. Inamfaa mtu ambaye hajazoea, maana haikudai ufuatilie chochote. Udhaifu wake ni kwamba ukiisikiliza kwa kutafuta dhana utahisi umedanganywa kuanzia wimbo wa nne hivi.

Moody Blues, kwa kupita

Novemba mwaka huohuo Moody Blues walitoa Days of Future Passed, siku moja kuanzia alfajiri hadi usiku, bendi ikipokezana na okestra iliyoongozwa na Peter Knight. Kipimo inakipita bila shida kwa kuwa saa haiwezi kurudi nyuma. Lakini okestra na bendi mara nyingi ni wageni waliokaa meza moja bila kuzungumza, na vipande vya okestra masikioni mwangu vina sukari nyingi. Kama unapenda muziki wa filamu za zamani, ianze. Kama sivyo, sikiliza "Nights in White Satin" mahali pake, mwishoni, baada ya siku nzima kupita. Utashangaa ulivyokuwa ukiisikia kama wimbo wa mapenzi tu.

S.F. Sorrow: maisha ya mtu, pande mbili

Hii ndiyo ninayoipenda zaidi kati ya hizi, na ndiyo iliyouza vibaya kuliko zote. Pretty Things walikuwa bendi ya fujo ya rhythm and blues. Mwaka 1967 waliingia Abbey Road na prodyuza Norman Smith, yuleyule aliyekuwa fundi mitambo wa albamu za kwanza za Beatles, wakatoka na santuri iliyotolewa Desemba 1968. Ilitokana na hadithi fupi ya mwimbaji wao, Phil May.

Sebastian F. Sorrow anazaliwa katika mji wa kawaida, anafanya kazi kiwandani, anapenda msichana wa jirani, anapelekwa vitani. Baada ya vita anakaa ng'ambo na kumwita mchumba wake amfuate. Mchumba anakuja kwa puto kubwa la angani, puto linawaka moto mbele ya macho ya Sorrow. Wimbo unaofuata unaitwa "Death", ndio wa sita, na hapo sindano inafika mwisho wa upande wa kwanza.

Ngoja hapo kidogo. Msikilizaji wa 1968 alilazimika kuinuka, kuishika santuri kwa kingo zake, kuigeuza, kuirudisha sindano. Wapenzi wetu wa dansi wanaijua hali hiyo: kwenye santuri za 45 wimbo ulikatwa katikati, sehemu ya kwanza huku na ya pili kule, na ulipogeuza ndipo sebene lilipokolea. Pretty Things waliitumia ile kazi ya kugeuza. Upande wa kwanza wote ni mambo yanayomtokea mtu kwa nje: kuzaliwa, kazi, vita, kifo. Ukishageuza, anatokea Baron Saturday, jamaa mwenye sura ya mizimu ya vudu, anamchukua Sorrow safari ya ndani ya nafsi yake, na hatoki huko akiwa mzima. Anaishia kuwa mzee asiyemwamini mtu. Wimbo wa mwisho hauzidi dakika mbili, gitaa na sauti, na ni mpweke kuliko chochote kilichorekodiwa mwaka ule.

Kipimo cha kuchanganya hapa kinaua albamu papo hapo. Hata hivyo ina tatizo ambalo usipoambiwa utaiacha njiani: maneno ya nyimbo hayatoshi kuisimulia hadithi. Vipande vya masimulizi vilichapishwa kwenye jalada, kati ya maneno ya wimbo mmoja na mwingine, na ulitakiwa usome ukisikiliza. Kwenye simu hakuna jalada. Mtu asiyesoma anasikia puto likiwaka bila kujua nani yumo. Vilevile, matoleo mengi ya sasa yamebandikwa singo za ziada mwishoni. Albamu ni nyimbo kumi na tatu na inakufa na "Loneliest Person". Ukiacha iendelee, baada ya ule upweke linakuja kelele la gitaa lisilohusika, na kila kitu kinaharibika.

Huko Marekani ilichelewa hadi 1969, ikatoka baada ya Tommy, na waandishi wengine wakaiona kama mwigo wa Tommy, ilhali ndiyo iliyotangulia. Bendi haikuipiga yote mfululizo kwa vyombo vyao hadi 1998.

Tommy: tuni zinazorudi

Tommy ya The Who, Mei 1969, ni santuri mbili, nyimbo ishirini na nne, saa moja na robo. Kapteni Walker anadhaniwa amefia vitani. Anarudi na kumkuta mkewe na mwanamume mwingine, kunatokea mauaji, na mtoto Tommy anayaona kupitia kioo. Wazazi wanamkaripia kwamba hakuona, hakusikia, na hatasema. Anatii kupita kiasi: anakuwa kipofu, kiziwi na bubu. Baadaye anakuwa bingwa wa pinbol, ile mashine ya kurusha kigololi cha chuma, kisha anapona na kuwa nabii anayekataliwa na wafuasi wake.

Ukiitegemea santuri peke yake, ni vigumu kujua nani kamuua nani. Mauaji hayaimbwi. Filamu ya 1975 iligeuza kabisa, aliyeuawa akawa baba. Kama hadithi basi, Tommy ina matundu kuliko S.F. Sorrow. Lakini ina gundi nyingine, nayo ndiyo iliyoipa haki ya kuitwa opera, hata kama neno lenyewe lilikuwa na majigambo kidogo. Prodyuza wao Kit Lambert alikuwa mtoto wa mtunzi wa muziki wa okestra, Constant Lambert, na alimsukuma Pete Townshend muda mrefu atunge vitu virefu. Mwaka 1966 walijaribu kipande cha dakika tisa. Kwenye Tommy, utangulizi usio na maneno mengi unakupa tuni kadhaa kabla hujajua ni za nini. Kisha fuata moja tu: ombi la Tommy la kuonwa, kuguswa na kuponywa. Linatokea katikati ya wimbo wa Krismasi, sauti nyembamba ya mtoto wakati wakubwa wanajadili wokovu wake. Linarudi kwenye wimbo wa daktari, pale vipimo vinapoonyesha macho yake yanafanya kazi. Linarudi mwisho kabisa, baada ya wafuasi kumkimbia, naye yuko peke yake kama alivyoanza. Maneno ni yaleyale. Kilichobadilika ni sisi tunaoyasikia.

Jambo lingine linaloitofautisha ni jukwaa. Ingawa teknolojia ilikuwa imesogea, walirekodi gitaa, besi, ngoma, kinanda na French horn ya mpiga besi wao, John Entwistle, bila okestra, kwa kuwa walitaka kuipiga mbele ya watu. Na waliipiga, hadi kwenye jumba la Metropolitan Opera la New York mwezi Juni 1970. Tahadhari moja: kuna nyimbo mbili za mtoto kuteswa na ndugu, moja ikiwa ya mjomba anayemnajisi. Townshend hakuweza kuziandika, akampa Entwistle. Mwenye watoto ndani ya gari ajue.

Basi uanze na ipi

Ukiwa na dakika arobaini na hujui kama mambo haya yatakufaa, anza na Sgt. Pepper, lakini isikilize kwa ajili ya mishono: wa kwanza kwenda wa pili, wa kumi na moja hadi mwisho. Ukiona hiyo mishono inakugusa kuliko nyimbo zenyewe, wewe ni mtu wa albamu ya dhana, endelea. Mpenda hadithi aende S.F. Sorrow, atafute kwanza maandishi ya jalada na ayasome kama anavyosoma utangulizi wa utenzi. Mpenda muziki anayejua kusikia tuni ikirudi imebadilika nguo, na mwenye saa nzima ya jioni, achukue Tommy. Rafiki yangu wa rumba nilimpa Sorrow. Akaanza kuipenda alipofika kwenye kugeuza upande, ingawa kwake ilibidi agonge kitufe cha kusimamisha baada ya wimbo wa sita, anywe chai, arudi.

Zima kuchanganya. Zima pia mpangilio wa kufifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine, maana kwenye Sgt. Pepper utakutengenezea mishono ambayo Beatles hawakuishona. Na usiitoe mapema. Baada ya ule mlio mrefu wa mwisho wa piano kufifia, toleo la Uingereza liliwekewa maneno ya kipuuzi kwenye mfuo wa mwisho kabisa wa santuri, uliojifunga mduara. Sindano ilipofika pale haikutoka, yale maneno yakazunguka na kuzunguka mpaka mtu ainuke kwenye kiti akaiinue kwa mkono. Simu yako itayapiga sekunde chache, kisha yatafifia yenyewe.